Maswali na majibu: Zumaridi, opali na lulu zinazovaliwa kila siku

Nilimpelekea sonara pete yangu ya zumaridi aisafishe. Dhahabu imerudi inang'aa, lakini jiwe limefifia na ndani yake naona mistari myeupe ambayo haikuwapo. Je, amenibadilishia jiwe? (Msomaji, Mombasa)

Kwa maelezo yako, inaelekea sana kwamba jiwe ni lile lile, ila limepoteza mafuta yake. Zumaridi karibu zote hutoka ardhini zikiwa na nyufa nyembamba, nyingi zikifika hadi usoni mwa jiwe, na tangu zamani wafanyabiashara wamezijaza kwa mafuta yasiyo na rangi, hasa ya mwerezi. Siku hizi hutumika pia utomvu wa viwandani. Ufa mtupu una hewa, na hewa hiyo huurudisha mwanga machoni mwetu, ndiyo maana tunauona mweupe. Mafuta hupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile cha zumaridi yenyewe, kwa hiyo yanapoujaza ufa mwanga hupita moja kwa moja na jicho haligundui kitu. Mistari unayoiona leo ilikuwapo tangu siku ulipoinunua pete.

Kilichoyatoa mafuta ni usafishaji. Masonara wengi huitumbukiza dhahabu katika chombo cha maji ya moto na sabuni ambacho hutetemeka kwa mawimbi ya sauti. Kwa dhahabu tupu chombo hicho hakina neno. Kwa zumaridi, mitetemo huyakamua mafuta kutoka katika nyufa, joto huyafanya mepesi yakatoka upesi zaidi, na ufa uliokuwa mrefu unaweza kuendelea mpaka jiwe likapasuka. Mvuke, na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, huleta madhara ya namna hiyo hiyo.

Ili moyo wako utulie, liweke jiwe chini ya tochi ya simu na ulitazame kwa lenzi ya sonara inayokuza mara 10, huku ukilizungusha taratibu. Ufa mtupu humetameta katika pembe moja na kupotea katika nyingine, na ukiufuata utauona ukiishia usoni mwa jiwe. Kama una picha ya karibu ya zamani au cheti cha maabara chenye picha, tafuta ndani ya jiwe alama zake za kuzaliwa: vidoa, vijinywele, mawingu madogo. Hizo hazitoki kwa kuoshwa, na zikiwa mahali pale pale, hukubadilishiwa.

Jiwe ambalo halijapasuka zaidi hujazwa upya. Fundi hulitoa katika pete, hulisafisha, kisha huliweka katika chombo kinachonyonya hewa kutoka katika nyufa kabla ya kuyasukuma mafuta ndani. Usijaribu kulipaka mafuta ya nazi nyumbani, kwa maana hayo hukaa juu juu na kukusanya vumbi. Ikiwa kilichokuwamo awali ni utomvu na si mafuta, kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu utomvu mkongwe huweza kugeuka mweupe au manjano ndani ya ufa na ni lazima utolewe kwanza. Muulize fundi anataka kutumia nini, na umwombe aandike katika risiti.

Baada ya hapo, safisha pete kwa maji yasiyo moto, tone la sabuni isiyo kali na mswaki laini wa mtoto, kwa dakika moja hivi, bila kuiloweka. Ivue kabla ya kuosha vyombo au kufua, kwa sababu maji ya moto na sabuni ya unga hufanya polepole kile ambacho chombo cha sonara kilifanya kwa siku moja.

Pete hiyo hiyo ikinibana, inaweza kupanuliwa? (Msomaji huyo huyo)

Inaweza, lakini jiwe litolewe kwanza. Moto wa kulehemu hukausha mafuta na huweza kulivunja jiwe, na kulifunika kwa kitambaa chenye maji hakutoshi.

Nilinunua hereni za opali kutoka Ethiopia. Nilizisahau masikioni nikaoga, na rangi zote zimepotea. Mawe yamekuwa kama glasi. Nimeziharibu? (Msomaji, Nairobi)

Huenda hazijaharibika, mradi usifanye haraka. Opali za Wollo, eneo la kaskazini mwa Ethiopia, ambazo zilianza kuchimbwa karibu na Wegel Tena mwaka 2008, nyingi zina vitundu vidogo mno vinavyonyonya maji kama chungu kisichochomwa vizuri. Vitundu vikijaa maji, jiwe huonekana angavu na ule mchezo wa rangi hufifia au hupotea. Maji yakishatoka, rangi hurudi.

Ziweke juu ya kitambaa cha pamba kivulini, katika joto la kawaida la chumba, na uziache siku kadhaa; jiwe nene huweza kuhitaji wiki mbili au zaidi. Usizianike juani wala kuzipulizia mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu uso ukikauka kabla ya kiini, jiwe huingia mtandao wa nyufa ambao hautibiki. Ninachohofia zaidi ni sabuni na mafuta ya nywele, maana maji huondoka, lakini kilichoyeyuka ndani yake huweza kubaki na kuacha rangi ya manjano au kahawia. Kwa sababu hiyo sikubaliani na ushauri unaosikika sana madukani, wa kuilowesha opali katika mafuta ili isipasuke.

Mkufu wa lulu niliopewa siku ya harusi umepoteza mng'ao upande wa shingoni. Huwa najipaka marashi na kujifukiza udi kila ninapouvaa. (Msomaji, Unguja)

Lulu imejengwa kwa tabaka za chokaa iliyoshikwa pamoja na gundi ya asili ya chaza, na chokaa hiyo huliwa na asidi hata iliyo dhaifu, ikiwamo jasho. Marashi, ambayo mara nyingi yana spiriti, huikausha ile gundi, na moshi wa udi huacha utando wenye mafuta. Jipambe kwanza: mafuta, marashi, udi, kisha subiri mpaka ngozi ikauke, ndipo uvae lulu; na ukirudi nyumbani, ndizo uzivue mwanzo. Kila unapozivua, pitisha punje moja moja kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, hasa upande unaogusa shingo. Ndimu na siki, ambazo wengine husafishia fedha, zisizikaribie kabisa.

Kama kufifia huko ni utando tu, kitambaa kitauondoa baada ya mara chache. Kama uso umeshalika, ukiupapasa kwa ncha ya kidole utahisi mikwaruzo, na hapo hakuna kuurudisha. Ila fundi anayezitunga upya anaweza kuzigeuza punje zilizoathirika kidogo. Mwombe atumie uzi wa hariri na kupiga fundo kati ya punje na punje. Uzi uliolegea, ukaanza kuonekana baina ya fundo na lulu, umekwisha.

Na kidani cha nusu lulu, zile zinazofugwa hapa Unguja, kinatunzwa vivyo hivyo? (Msomaji huyo huyo)

Karibu vivyo hivyo, ila kisizame majini hata kidogo. Nusu lulu hukua ikiwa imeshikamana na ganda la chaza. Baada ya kukatwa, uvungu wake hujazwa na mgongo wake huzibwa kwa kipande cha ganda kilichogandishwa kwa gundi. Maji yakipenya katika kiungo hicho, gundi huachia na uso huingia doa la kijivu kutokea pembeni. Kifute kwa kitambaa, ukikaushe papo hapo, na ukihifadhi katika mfuko wa kitambaa, mbali na mikufu ya dhahabu inayoweza kukikwaruza.