Ufizi ukirudi nyuma: jino moja lilitulia kwa dawa ya meno, jingine likahitaji kupandikizwa ufizi

Ufizi ukishauachia mzizi wa jino, haukui tena wenyewe kuufunika. Natanguliza hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza habari za meno yangu wanatafuta kitu cha kupaka au cha kusukutua kitakachourudisha mahali pake, na huku wakitafuta, mzizi unazidi kuwa wazi. Yanayowezekana ni mawili: kuuzuia ufizi pale ulipofika na, mfupa ukiruhusu, kuufunika mzizi kwa upasuaji mdogo.

Mimi nimepitia njia mbili tofauti katika kinywa kimoja. Chonge yangu ya juu kushoto ilikuwa na mzizi ulio wazi kwa milimita 2, nayo ndiyo iliyokuwa ikinitesa: maji ya baridi yakiigusa, maumivu yalipita kama sindano. Jino la mbele la chini lilikuwa wazi kwa milimita 3 na halikuniuma hata kidogo. Ningeulizwa mimi, ningesema jino la kutibiwa haraka ni chonge. Daktari wangu wa fizi aliona kinyume chake, na sababu zake ndizo zilizonifundisha karibu yote ninayoyaandika hapa.

Tuanze na maumivu, maana ndiyo huwapeleka watu kwa daktari. Sehemu ya jino inayoonekana siku zote imevikwa enameli, gamba gumu lisilo na hisia. Mzizi hauna gamba hilo. Una utando mwembamba tu, ambao huchakaa upesi ukisuguliwa, na chini yake kuna dentini yenye vijitundu vingi visivyoonekana kwa macho, vinavyoelekea kwenye neva katikati ya jino. Ndani ya vijitundu hivyo kuna majimaji. Baridi, hewa au kitu kitamu kikigusa mzizi, majimaji hayo husogea ghafla, na neva huusikia mwendo huo kama maumivu. Ndiyo maana maumivu ya mzizi ulio wazi huwa makali lakini mafupi: chanzo kikiondoka, nayo huondoka ndani ya sekunde chache.

Ukiona jino linaendelea kupwita dakika nzima baada ya maji kumezwa, au linakuamsha usiku bila kuguswa, au linachoma pale tu unapong'ata, usiendelee kununua dawa ya meno ya msisimko. Hizo ni dalili za jino lililooza ndani, lililopata ufa, au lenye neva iliyovimba, na dawa ya meno haifiki huko.

Chonge yangu ililingana kabisa na maelezo ya mzizi ulio wazi. Ufizi ulikuwa wa waridi, hautoki damu, na kifaa chembamba cha kupimia kilipoingizwa kati ya ufizi na jino hakikuzama. Maana yake hapakuwa na mfuko wa maambukizi. Chonge huwa imejitokeza kidogo nje ya safu, mfupa na ufizi unaoifunika kwa mbele ni mwembamba, na ndiyo mswaki hukutana nayo kwa nguvu zote mkono unapogeuka kutoka meno ya mbele kwenda ya pembeni. Anayetumia mkono wa kulia mara nyingi huumia upande wa kushoto. Daktari alinionyesha pia kijishimo shingoni mwa jino, chenye umbo la kabari, kilichochimbwa kwa kusugua kwa ubapa, kulia na kushoto.

Kwa hiyo tiba ya kwanza ilikuwa mswaki. Wenye nywele laini, ushikwe kwa ncha za vidole kama kalamu, uelekezwe kwa mshazari pale jino linapokutana na ufizi, kisha uzungushwe polepole kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye ncha ya jino. Ukitaka kujua kama mkono wako ni mzito, utazame mswaki wenyewe: nywele zikitawanyika pembeni mapema, wiki chache tu tangu uununue, unakandamiza mno. Dawa za kung'arisha meno zenye chembechembe za kusugua, pamoja na zile za mkaa, niliziacha kabisa. Na baada ya kunywa au kula kitu kichachu nasubiri nusu saa au zaidi kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa asidi hulainisha uso wa mzizi na mswaki huukwangua ukiwa laini hivyo.

Dawa ya meno yenyewe inahitaji kueleweka, kwani wengi huitumia siku tatu na kusema haifanyi kazi. Ziko za namna mbili. Zenye potasiamu naitreti, kwa kawaida asilimia 5, hutuliza neva. Nguvu yake hujengeka taratibu, kwa mswaki wa asubuhi na wa usiku, na nafuu ya kweli huja baada ya wiki mbili hadi nne. Ukiacha, msisimko hurudi. Namna ya pili huziba vijitundu: zenye stanasi floraidi, au zenye ajinini pamoja na kalisi. Hizi zinaweza kusaidia mapema zaidi, ila vizibo vyake huoshwa na asidi, hivyo anayekunywa vinywaji vichachu siku nzima anajaza pipa lililotoboka. Soma viambato nyuma ya boksi, maana neno "msisimko" mbele yake halikwambii ni namna gani.

Mimi nilipewa ya stanasi floraidi, na kuna jambo dogo lililonisaidia kuliko nilivyotazamia. Usiku, baada ya kupiga mswaki, natema povu bila kusukutua kwa maji, kisha napaka dawa kidogo kwa kidole juu ya mzizi ulio wazi na kwenda kulala. Mate hupungua usingizini, hivyo dawa hukaa mahali pake muda mrefu. Msisimko haukwisha wote, lakini maji ya kawaida yalikoma kuniumiza. Kilichobaki daktari alikipaka vanishi ya floraidi, inayogandia kwenye mzizi kwa saa kadhaa na kurudiwa kila baada ya miezi michache. Msisimko ungekaidi, hatua inayofuata ilikuwa kukijaza kile kijishimo cha shingoni kwa plasta ya rangi ya jino.

Sasa lile jino la chini lililokaa kimya. Daktari alinivuta mdomo wa chini taratibu, akanipa kioo. Kale kamshipi ka nyama kanakounganisha mdomo na ufizi kalikuwa kameshikana hadi ukingoni mwa ufizi, na kila mdomo ulipovutwa, ukingo ule uligeuka mweupe na kuachana na jino. Chini ya mzizi hapakuwa na ule ufizi mgumu usiotikisika. Palibaki nyama laini, nyekundu, ya aina iliyoko ndani ya mdomo. Nyama hiyo huuma ikipigwa mswaki, mtu hulikwepa eneo hilo, ukoga hubaki na kuganda kuwa ugaga, na ugaga huwasha ufizi na kuuvimbisha hadi urudi nyuma zaidi. Meno ya mbele ya chini ni mepesi kupata ugaga kwa sababu matundu ya mate yaliyo chini ya ulimi yako hapo jirani.

Aliusafisha ugaga, akaandika vipimo vya meno yote mawili, akataka kuniona baadaye ili avilinganishe. Nakushauri uombe vipimo hivyo viandikwe, kwa milimita, jino kwa jino, maana kwa macho huwezi kujua. Viliporudiwa mwaka uliofuata, chonge ilikuwa palepale, milimita 2. Jino la chini lilikuwa limefika 4. Hapo ndipo neno la kupandikiza lilipotajwa.

Upandikizaji wenyewe uko wa aina zaidi ya moja. Kwa anayetaka kuufunika mzizi, hasa kwenye meno ya juu yanayoonekana akicheka, mara nyingi huchukuliwa nyama kutoka chini ya ngozi ya kaakaa, huwekwa juu ya mzizi, na ufizi wa jirani huvutwa kuifunika. Rangi hulingana vizuri. Mimi nilichohitaji ni ufizi mgumu, hivyo nilikatiwa kipande chembamba cha juu ya kaakaa pamoja na ngozi yake, na kale kamshipi kakaachiliwa papo hapo. Sindano ya ganzi hupigwa sehemu zote mbili. Kitanda cha kupokea kipande huandaliwa kwanza, kipande hushonwa kisitikisike, kisha hukandamizwa kwa shashi yenye maji dakika kadhaa ili damu isigande chini yake.

Mwanzoni kipande hicho hakina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji yanayopenya kutoka kitandani pake, na mishipa mipya huanza kuingia siku chache baadaye. Kikiinuka au kutikiswa kabla ya hapo, hufa. Kwa hiyo usivute mdomo kujitazama kiooni, hata ukipata hamu kiasi gani, na usivute sigara wala kunywa kwa mrija. Mahali hapo hapapigwi mswaki hadi daktari aruhusu. Unasukutua taratibu kwa dawa ya klorheksidini, ambayo huacha madoa ya kahawia kwenye meno, nayo hutolewa baadaye kwenye usafishaji. Siku za mwanzo kipande huwa cheupe, kikibanduka utando juu, na mtu asiyeambiwa hudhani kimeoza. Kinachotakiwa ni kuona wekundu ukirudi kuelekea wiki ya pili. Damu isiyokoma kwa kukandamizwa, au uvimbe na maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, ndiyo ya kumrudia daktari siku hiyohiyo.

Kaakaa ndilo lililoniuma kuliko jino. Lilikuwa kama limeunguzwa na chakula cha moto, na kile kifuniko cha plastiki nilichotengenezewa kabla ya upasuaji kilinisaidia sana wakati wa kula. Kiulizie mapema, si kila mahali kinatolewa bila kuombwa.

Kabla hujakubali upasuaji ili mzizi ufunikwe, uliza hali ya mfupa na ufizi uliopo kati ya jino hilo na majirani zake. Ukiwa mzima pande zote mbili, mzizi unaweza kufunikwa wote. Ukiwa umepungua kwa ugonjwa wa fizi, utafunikwa kwa sehemu, au hautafunikwa kabisa, na hakuna ufundi wa mkono utakaobadilisha hilo. Jino langu la chini lilirudi hadi milimita 3 tu, lakini sasa lina ukanda wa ufizi mgumu, wenye rangi iliyofifia kidogo kuliko jirani zake, na mdomo ukivutwa haujongei. Chonge bado inapimwa kila mwaka. Ikiongezeka hata milimita 1, nimeshaelewana na daktari kwamba itafunikwa mapema, wakati mfupa wa pembeni ungali mzima.