Usiingie kwenye mahojiano ya ufadhili na hadithi ya vita: sema utapima nini

"Niko Goma, nimeitwa kwenye mahojiano ya ufadhili wa masters ya maji na afya ya jamii, kwa Zoom. Nimeandaa maelezo kuhusu vita, wakimbizi na kipindupindu, nionyeshe nina moyo wa kusaidia nchi. Niongee Kifaransa ao Kiingereza? Nivae nini?"

Mdogo wangu, hayo maelezo yaweke pembeni leo hii. Nimesoma ujumbe wako nikaumia, maana niliingia na maelezo hayohayo na nikatoka mikono mitupu.

Kuna bwana mmoja mjini aliyekuwa anatoza pesa kutuandaa. Alitukaririsha dakika nzima ya mateso ya Kivu. "Waguseni roho," alituambia. Yeye mwenyewe hajawahi kukaa mbele ya jopo la aina hiyo, na pesa alichukua. Bado inaniuma, kwa sababu wengi tuliomsikiliza tulikuwa na kazi nzuri za kumaliza masomo, naye akatuambia tuzifiche tulie.

Wale watu watatu wa jopo walinisikiliza kwa heshima. Kisha mama mmoja akauliza: "Sawa. Utapima nini?" Nikarudia kipindupindu. Akauliza tena, polepole: "Ni matokeo gani yatakuonyesha kwamba wazo lako si kweli?" Sikuwa na kitu cha kujibu. Shida ya Goma wanaijua, na kila mwombaji kutoka kwetu ataieleza. Wanachotafuta ni mtu ambaye baada ya miaka miwili atakuwa na jibu la swali dogo.

Basi tuchukue kipindupindu chako tukipunguze. Watu wanachota maji ya ziwa kwa bidoni za lita 20, na kwenye baadhi ya vituo vya kuchotea kuna mtu anayetia klorini kwa sindano. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, iwe angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa, pH, kipimo cha uasidi wa maji, ikiwa chini ya 8. Lakini maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya takriban 9. Kwenye pH hiyo sehemu kubwa ya klorini iko katika umbo lililo dhaifu kuua vijidudu, na kile kipimo cha vidonge vya DPD kinachogeuza maji kuwa ya pinki kinahesabu umbo lenye nguvu na lile dhaifu pamoja. Rangi inaweza kupendeza na maji yasiwe salama.

Hapo ndipo swali lako lilipo. Kwenye jopo ungesema hivi: "Nataka kujua kama bidoni iliyotiwa klorini ziwani bado inalinda maji kesho yake nyumbani. Nitafuata bidoni kutoka kituo kimoja hadi kwenye nyumba za mtaa mmoja, nipime klorini huru na pH pale ziwani, jioni na asubuhi, na nihesabu bakteria wa E. coli katika mililita 100. Nikikuta klorini bado ipo na E. coli hakuna, basi hofu yangu kuhusu pH haina msingi, na nitasema hivyo." Ukishamaliza hapo, ongeza sentensi moja ya kwa nini wewe: mama yako anachota wapi, ulisaidia nani kupima. Sentensi moja inatosha, na sasa wataiamini.

Watakubana. Watauliza: klorini ikipotea, utajuaje kama ni muda umeila ama ni uchafu wa bidoni yenyewe? Jibu: weka bidoni mpya zilizooshwa sambamba na zile za watu, maji yaleyale, saa zilezile. Watauliza kama utaonyesha kipindupindu kimepungua. Sema hapana, bila kuogopa. E. coli inaonyesha kinyesi kimefika kwenye maji, haionyeshi nani ataugua. Kuhesabu wagonjwa kunahitaji utafiti mkubwa kuliko masters. Mwombaji anayejua mahali kazi yake inapoishia huwapa imani kuliko anayeahidi kumaliza ugonjwa.

"Kwa nini chuo chetu?" nalo linajibika kutoka hapohapo: taja somo moja la kwenye programu yao unalohitaji kwa kipimo hiki, mathalani kemia ya maji au takwimu. Usikisifu chuo, wao wanakijua kuliko wewe.

Lugha ni ile ya programu. Mavazi, safi tu.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: kabla hujatamka "kusaidia nchi yangu", wawe wameshasikia unapima nini, wapi, na ni matokeo gani yatakukanusha. Andika swali lako hapa chini leo, kwa sentensi mbili, nami nitakuuliza kama yule mama alivyoniuliza.