Mistari ya tope la ziwa na mizunguko ya dunia

Swali: Katika kipande cha tope cha sentimita 30 kilichotolewa ziwani karibu na Kigoma nimehesabu jozi 200 za mistari myeusi na myeupe. Je, kila jozi ni mzunguko mmoja wa kuyumba kwa mhimili wa dunia? (Mwalimu wa jiografia, Ujiji)

Jibu: Hapana, Mwalimu. Mhimili ukiyumba, msimu ambao dunia huwa karibu zaidi na jua hubadilika polepole, na badiliko hilo hurudi lilikoanzia baada ya wastani wa miaka 21,000. Jozi 200 zingehitaji miaka zaidi ya milioni 4, nayo haiwezi kuenea katika sentimita 30 za tope laini.

Yaelekea kila jozi ni mwaka mmoja. Wakati wa kiangazi upepo wa kusi huyatikisa maji, virutubisho hupanda juu, na diatomu, yaani mwani wenye magamba ya silika, huzaliana kwa wingi na kuacha mstari mweupe. Mvua zikianza, mito huleta udongo na mabaki ya mimea, na mstari mweusi hulala juu yake. Kilindini hakuna oksijeni, kwa hiyo hakuna wadudu wa kuivuruga mistari hiyo. Kipimo cha kuthibitisha ni risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mnururisho, ambayo hupungua nusu kila miaka 22: kwa kuwa jozi yako moja ina milimita 1.5, kiasi chake kinapaswa kupungua nusu kila sentimita 3.3 unaposhuka. Kisipofuata mwendo huo, jozi zako si miaka.

Mizunguko unayoitafuta ni minene mno kuonekana katika kipande hicho. Kwenye mteremko wa chini ya ziwa karibu na Kalya, kusini mwa Kigoma, tope la takriban mita 10 limehifadhi miaka 60,000, yaani kila mzunguko wa miaka 21,000 una kama mita 3.5. Hapo mizunguko haitimii hata mitatu, nami nisingethubutu kuita marudio kitu kilichotokea mara mbili na ushei.

Nguzo ndefu ya tope ndiyo ingetoa ushahidi, na ningetazama jambo moja kwanza. Njia ya dunia kulizunguka jua hurefuka na kukaribia duara kwa vipindi vya takriban miaka 100,000. Inapokaribia duara, umbali wa jua haubadiliki sana kati ya msimu na msimu, hivyo kuyumba kwa mhimili hakuachi alama ya maana. Kwa hiyo, kwa kasi ile ya Kalya, matabaka ya mita 3.5 yangejipanga katika mafungu yenye takriban matabaka matano kila moja, yakikolea kisha yakififia, na fungu zima lingekaribia mita 17. Badiliko la mwinamo wa mhimili, la miaka 41,000, huku karibu na ikweta athari yake ni ndogo zaidi.

Hata hivyo, ziwa liliposhuka sana, sehemu za kingo zilikauka na tope lake likamomonyoka. Fungu lenye matabaka matatu badala ya matano likaguliwe kwanza kama lina mchanga au changarawe katikati, maana hapo huenda maelfu ya miaka yamefutika.