Bango la Uhuru: nilivyofuta matukio ishirini na moja

Bango langu la kwanza la harakati za uhuru wa Tanganyika lilikuwa na matukio 31, na lilikaa ukutani darasani muhula mzima bila mtu kulisoma. Wanafunzi waliona picha ya Mwalimu na maandishi makubwa ya 9 Desemba 1961, basi. Safari hii nimebakiza kumi. Kama na wewe unatengeneza lako, anza na rula kabla ya kufungua kitabu cha historia.

Manila yangu ina upana wa sentimita 84. Ukiacha pembezoni sentimita saba kila upande, unabaki na 70 za kuchorea mstari. Mara ya kwanza nilianzia Vita vya Maji Maji, 1905, hadi 1961. Hiyo ni miaka 56, kwa hiyo kila mwaka ulipata sentimita moja na robo. Miaka kati ya 1954 na 1961, ambayo ndiyo yenye msukosuko wote, ikabanwa ndani ya sentimita tisa hivi, huku 1907 hadi 1929 pakiwa peupe kama uwanja wa mpira. Siku hizi naukata mstari. Sentimita 14 za kushoto ni za mizizi, hazifuati kipimo. Kisha nachora alama ya mkato ili msomaji ajue miaka imerukwa. Zile 56 zilizobaki ni za 1947 hadi 1961, sentimita nne kwa kila mwaka.

Kwenye mizizi niliweka mawili tu: Maji Maji, na kuanzishwa kwa African Association mwaka 1929. Lugalo ya Mkwawa, 1891, niliitoa kwa shingo upande. Maji Maji ilinishinda nguvu kwa sababu iliunganisha makabila mengi dhidi ya Wajerumani, na kwa sababu Nyerere mwenyewe aliitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Wapigania uhuru wenyewe walikuwa wameshajiunganisha nayo.

Kwa yaliyobaki nilitumia swali moja: nikilifunika tukio hili kwa kiganja, je, linalofuata bado linaeleweka?

Funika Mkutano wa Tabora, Januari 1958, uone. Mabango mengi huruka kutoka TANU ya 7 Julai 1954 hadi uchaguzi. Lakini Waingereza walikuwa wameweka kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kupiga kura kwenyewe kulikuwa na masharti ya kipato, elimu au wadhifa. Wanachama wengi wa TANU walitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie, uamuzi uliokuja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao, akatoka na kuanzisha chama chake cha ANC. TANU ikaunga mkono hata wagombea wa Kiasia na Kizungu, ikazoa ushindi katika uchaguzi wa 1958 na 1959. Ukiifunika Tabora, mwanafunzi atashangaa chama cha Waafrika kilifikaje kuwapigia debe Wazungu. Hili nililipa nafasi pana kuliko yote isipokuwa siku ya uhuru yenyewe.

Sasa funika kesi ya Nyerere ya mwaka 1958, aliposhtakiwa kwa kashfa na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Ni kisa kitamu, wanafunzi wanakipenda, lakini uchaguzi unaeleweka bila hicho. Nikakifuta, nakisimulia kwa mdomo.

Kigumu zaidi kilikuwa Umoja wa Mataifa. Nyerere alikwenda New York Machi 1955, na kila bango linalo hilo. Lakini Kirilo Japhet alitangulia mwaka 1952, kuwasemea Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka uliotangulia ili kuwapisha walowezi. Ardhi haikurudishwa wakati huo, ndiyo maana wengi humwacha. Mimi nimemweka: bila yeye, safari ya 1955 inaonekana kama wazo lililodondoka kutoka mbinguni.

Jihadhari pia na picha inayojifanya tukio. Nilikuwa nimembandika Bibi Titi Mohamed pembeni kama pambo, bila mwaka wala kitenzi. Sasa yuko juu ya mstari: “1955: Bibi Titi aongoza tawi la wanawake wa TANU, aandikisha wanachama.” Mwenge wa Kilimanjaro nao ni picha nzuri, ila ni siku ileile ya uhuru, kwa hiyo umekaa ndani ya kisanduku cha 9 Desemba.

Mwenzangu wa ofisini bado ananidai 9 Desemba 1962, kwa kuwa hadi hapo Malkia wa Uingereza ndiye aliyekuwa mkuu wa nchi. Hoja yake ina uzito. Nimemwachia sentimita saba za pembeni kulia, ameandika kwa penseli.