Kabari ya digrii 12 na dakika 30 haitoki sawa kwenye saini baa

Swali: "Wakuu, nina kabari ya moldi ya plastiki, inatakiwa digrii 12 na dakika 30. Nimepanga slipu geji chini ya saini baa ya milimita 100, nimesaga, lakini nikipima pembe haitoki. Tatizo ni slipu, ni saini baa, au ni ninavyofunga kazi? Niko Keko."

Mkuu, mimi niko chumba cha zana kwenye kiwanda kimoja barabara ya Nyerere, na kabari za namna hiyo ni kazi zangu za kila mara. Kwa nilivyoona, slipu na saini baa ndizo za mwisho kulaumiwa. Anza na hesabu, kisha uangalie ufungaji.

Ile 100 iliyoandikwa kwenye saini baa ni umbali kati ya vitovu vya rola mbili, si urefu wa chuma chote. Ukiinua rola moja, huo umbali ndio unakuwa upande mrefu wa pembetatu, na rundo la slipu ndilo kimo chake:

```
h = L × sin(θ)
h = 100 × sin(12.5) = 21.644
```

Angalia hapo nimeandika 12.5, siyo 12.30. Dakika 30 ni nusu ya digrii. Vijana wengi wanaokuja kwetu kwa mafunzo huingiza 12.30 kwenye kikokotoo, wanapata 21.303, na kabari inatoka pungufu kwa dakika 12 kamili. Kwa hiyo ukipima ukakuta kosa lako linakaribia dakika 12, acha kuhangaika na vyombo, umeshalipata. Na kikokotoo kikikupa namba yenye alama ya kutoa, kiko kwenye radiani, kirudishe kwenye digrii.

Kupanga rundo, anza kuua tarakimu ya mwisho kabisa. Kwa seti ya vipande 87, ya 21.644 mimi naichukua hivi: 1.004 inaondoa ile 4 ya mwisho, zinabaki 20.640. Kisha 1.14, zinabaki 19.5. Kisha 9.5 na 10. Vipande vinne tu, na uchache ni mzuri, maana kila uso unaokutana na mwingine ni nafasi ya uchafu kuingia. Vipanguse kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, vikutanishe kwa msalaba, kandamiza huku ukivizungusha mpaka vinatane. Kipande kisichonata kina mkwaruzo, kutu au vumbi. Usikilazimishe, kiangalie kwanza.

Uchafu nausisitiza kwa sababu ndio unaokula pembe. Kwa saini baa ya 100 kwenye digrii hizo, chembe ya milimita 0.01 chini ya rola inakupotosha kwa sekunde 21 za pembe hivi. Lakini kama umbali wa rola wenyewe umekosea kwa hiyo hiyo 0.01, unapotea chini ya sekunde 5. Ndiyo maana nasema chombo chako usikitupie lawama mapema. Hali hubadilika pembe ikiwa kubwa: ikivuka digrii 45, kosa dogo la rundo linazaa kosa kubwa la pembe, kwa hiyo huko afadhali uegemeze kazi kwa upande wake wa pili na utumie pembe inayobaki kufika 90.

Joto la Dar nalo lisikutishe. Slipu zimetengenezwa kwa nyuzi 20, sisi tunafanyia kazi kwenye 30, lakini saini baa na slipu zote ni chuma na zinatanuka kwa uwiano mmoja, pembe inabaki ile ile. Ziache tu zikae pamoja juu ya pleti ya kupimia mpaka zilingane joto, usizishike mkononi muda mrefu. Adui wa hapa ni jasho na hewa ya chumvi. Alama ya kidole iliyoachwa usiku mmoja naikuta imeanza kutu asubuhi, kwa hiyo ukimaliza tenganisha vipande, futa, paka vaselini nyepesi.

Sasa ufungaji, ambako nadhani ndiko kabari yako inakoharibikia. Saini baa ni chombo cha kuwekea pembe, haikutengenezwa kubeba nguvu ya kusaga. Usiipeleke kwenye meza ya sumaku ikiwa na kazi juu yake, slipu zikishika sumaku zitavuta unga wa chuma na hazitanata tena vizuri. Fanya hivi. Weka engo pleti juu ya pleti ya kupimia. Simamisha saini baa na rundo sambamba na uso wake, laza kabari juu ya saini baa ikiwa imegusa engo pleti, kisha ibane kwa klempu mbili. Baada ya hapo toa slipu, toa saini baa, kabari ibaki imeshikwa na engo pleti peke yake. Hiyo engo pleti ndiyo inakwenda kwenye mashine.

Hatari iko pale unapokaza klempu, kwa sababu kazi huinuka kidogo bila wewe kuona. Kabla ya kukaza, weka kipande cha karatasi ya sigara chini ya kila ncha ya kabari. Karatasi ni za unene mmoja, hazibadilishi pembe. Ukishakaza, vuta zote mbili. Zote zikikataa kutoka, kazi imekaa. Moja ikiteleza, upande huo umeinuka, legeza uanze upya. Nimeona kazi nyingi zikiokolewa na vikaratasi hivyo.

Kabari uliyokwisha kuisaga usiitupe, ipime kwanza. Rudisha saini baa kwenye rundo la 21.644, laza kabari ncha nyembamba ikielekea upande wa rundo, na pitisha dayo geji juu yake kwa urefu wa milimita 50. Tuseme upande wa rundo unasoma juu kwa 0.01. Maana yake pembe ya kabari ni ndogo kuliko inayotakiwa. Kujua kwa kiasi gani, zidisha tofauti ya dayo kwa 100, gawanya kwa 50: unapata 0.02. Toa 1.14, weka 1.12, dayo itatulia pande zote. Kabari yako ni pungufu kwa sekunde 42 hivi, na moldi nyingi zitaikubali. Ikisoma 0.17 hivi hapo hapo, rudi kwenye ile hesabu ya 12.30.

Pitisha dayo kwa upana pia. Ikipanda kwa upana, kabari ilikuwa imekaa upande wakati wa kufunga, au engo pleti ilikanyaga unga wa chuma juu ya meza ya sumaku. Kosa la upana halirekebishwi kwa kubadilisha slipu hata ufanyeje.

Ukirudia kusaga, mikato ya mwisho iwe midogo, na iache kabari ipoe kabisa kabla hujalegeza klempu na kupima. Ukipata namba za dayo za urefu na upana, ziweke hapa tuone.