Mjomba kaomba laki nne na nusu, namjibuje aelewe kwamba sitoi?

Mjomba yuko Ukerewe ana mtumbwi wa dagaa, kaomba 450,000 atengeneze mashine. Nimemjibu vizuri tu ila kila siku ananiuliza "imefikia wapi". Nimekosea wapi? (Dada wa Nyakato)

Dada, hujakataa, ndo ulipokosea. Meseji uliyonitumia niiweke hapa maana naijua, nimekaa kibanda cha wakala Kirumba miaka mingi na watu wananipa simu niwasomee, hii meseji nimeisoma labda mara mia:

"Shikamoo mjomba, pole na majukumu. Mjomba saivi hali siyo nzuri, ada za watoto, kodi ya nyumba, na mshahara umechelewa. Ngoja nikae sawa kidogo nitaangalia, Mungu ni mwema."

Wewe umeandika hapana, mjomba kasoma ndiyo ya baadae. "Saivi" maana yake kuna wakati mwingine. "Ngoja" umemwagiza asubiri, na anasubiri, mtu mwenye adabu zake. "Nitaangalia" kwa mtu anayeshika maneno ya watu wazima ni ahadi ya chini chini. Halafu umempa sababu tatu na kila sababu anaweza kuitatua kichwani mwake, mshahara umechelewa basi utatoka, kodi ukishalipa imeisha, ada ni mpaka muhula mwingine. Kwaiyo anahesabu siku.

Na huyu hahesabu bure. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, giza likiwepo, mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaifuati taa vizuri ndo maana wavuvi wanapanda nchi kavu, wanashona nyavu na kutengeneza mashine. Mjomba kakuomba wakati wa mbalamwezi ili giza likirudi awe majini. Zile siku kumi ulizomwambia "ngoja" angeuza mbuzi, au angeenda kwa mnunuzi wake wa dagaa akopeshwe akatwe kwenye mzigo. Ni masharti mabaya hayo lakini mashine ingewaka. Ukarimu wako wa maneno unaweza kumlia giza zima.

Ningeandika hivi:

"Shikamoo mjomba. Nimeipata meseji ya mashine, pole sana, najua giza linakaribia. Mjomba, hiyo laki nne na nusu sitaweza kukupa, wala nusu yake, wala mwezi ujao. Nakwambia leo ili usinisubiri, utafute kwingine mapema. Naomba uniwie radhi. Nisalimie bibi na watoto."

Angalia mambo yalipokaa. Shikamoo na pole vinatangulia, hapo hatubishani, kumkatalia mkubwa bila shikamoo ni matusi hata ukiwa na haki. Ila baada ya pole moja neno lenyewe linakuja hapo hapo, usimzungushe mistari sita akidhani unaelekea kwenye ndiyo. "Sitaweza", siyo "sina". Sina ni habari ya mfukoni, mfuko unabadilika na watu wanauchungulia, kesho shemeji atamwambia umenunua friji. Na siyo "siwezi" pia, siwezi inaulizwa "leo au lini?", sitaweza imeshaingia na kesho. "Sitaki" usiiguse kabisa, ukimwandikia mjomba sitaki ugomvi wake utazikwa nao.

"Wala nusu yake, wala mwezi ujao" inaonekana kali ukiisoma mara ya kwanza, najua, watu wengi wananiambia nitoe. Usitoe. Hayo ndo maswali mawili atakayouliza, punguzo na tarehe, ukiyajibu mapema unamwokoa kuomba mara ya pili, na kwa mtu mzima kuomba mara ya pili kunauma kuliko kukataliwa mara ya kwanza.

Sababu nimezitoa zote. Akiuliza mpe moja ya kweli, basi.

Kwani "nikipata nitakutumia" si ni adabu tu? Kila mtu anasema hivyo. (Msomaji wa Igoma)

Kila mtu anasema na kila mtu anadaiwa. Hiyo "-ki-" ni mlango umeurudishia bila komeo, nikipata nitakutumia, sasa siku ukipata? Utapata tu, unafanya kazi. Wengine wajanja wanakimbilia "ningekuwa nayo ningekutumia", hiyo angalau inasema haipo, ila nayo ina mwiba wake, akikuona kwenye stetasi uko hotelini unakula sato wa kuchoma atakumbuka ulisema ungekuwa nayo ungetuma. Zote mbili zinaifanya hela iwe ndo mwamuzi. Wewe ndo umeamua, andika kama umeamua: "kwa hili sitaweza".

Mimi mwenyewe niliwahi kumwandikia shangazi "mwezi ukiisha tutaangalia" nikijua hayuko karibu. Tarehe 31 asubuhi yuko mlangoni na begi, ametoka Sengerema. Enzi hizo bado kivuko, siku hizi daraja la Kigongo-Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025 kwaiyo umbali haukufichi tena aisee.

Nikimtumia elfu ishirini ya kupunguza machungu kuna ubaya? (Baba Neema)

Hakuna ubaya ila ipe jina kabla haijafika. Elfu ishirini ikiingia kimya kimya kwa mtu aliyeomba laki tatu inaitwa kianzio, atakujibu "asante mwanangu nimeipata, ile iliyobaki lini?" na hapo hana kosa. Andika kwanza: "Ile laki tatu sitaweza kama nilivyosema. Hii elfu ishirini ni ya sukari ya mama, haihusiani na ile." Halafu ndo utume, na ya kutolea uweke, maana zawadi inayokatwa kwa wakala inaleta maneno. Na kama unajua huyu mtu majina ya hela anayachanganya makusudi, usitume wiki hiyo, tuma mwezi mwingine bila sababu.

Jingine, usikubali neno "niazime" kama moyoni unajua hairudi. Akisema niazime nawe ukajibu "sitaweza kukuazima", kesho atakuja na "basi nisaidie tu". Jibu hela yenyewe, siyo namna alivyoiita: "sitaweza kutoa hela kwa hili, ya mkopo wala ya msaada."

Mdogo wangu kaniandikia "bro nipige tafu ya laki". Nikamjibu "Samahani, ombi lako sitaweza kulitekeleza", sasa amenuna anasema namchukia. (Kaka mtu, Mabatini)

Haha, umemjibu kama barua ya halmashauri. Yeye kakuandikia kwa lugha ya kijiweni, wewe umevaa tai, lazima aone kuna hasira hapo. Lugha ya kukataa ifanane na lugha aliyoombea, hasa kwa mdogo wako. "Dogo, hiyo laki sitoi. Sijakasirika wala nini, sitoi tu. Jumapili njoo home tule." Kwa mjomba "sitoi" ingekuwa jeuri, kwa dogo ndo upendo wenyewe, amejua hujabadilika ni hela tu ndo haiji.

Bibi anasikia Kisukuma tu na mimi Kisukuma changu ni cha salamu. Nimwambie mama anifikishie? (Msichana wa Buhongwa)

Hapa ndo pagumu kwa sababu mwenye lugha ya salamu tu ana maneno matamu tu, ukijaribu mwenyewe utamwambia mwangaluka mayu, utacheka, utauliza hali ya ng'ombe, na bibi ataondoka anajua umekubali. Hujawahi kujifunza maneno ya kukataa kwa lugha hiyo, nani angekufundisha?

Kumtuma mama sawa, ila mama naye ni mtoto wa bibi, atalainisha. Utasema "sitaweza", yeye atafikisha "anasema kwa sasa hana". Fanya hivi, mwambie mama sentensi moja tu kwa Kiswahili, asiongeze. Aiseme kwa Kisukuma kwenye voisi, kisha hiyo voisi mpelekee mtu mwingine anayejua Kisukuma asiyejua hii kesi, jirani au bodaboda wa kijiweni, akusikilizie halafu akwambie kwa Kiswahili kimesemwa nini. Ukisikia "kwa sasa" au "asubiri" imeingia, rudisha irekodiwe upya. Ikitoka safi wewe tanguliza salamu kwa sauti yako mwenyewe, hata kama unakosea, bibi asikie ni wewe, ndo ifuate ya mama.

Na kumbuka voisi ya bibi inasikilizwa na nyumba nzima, mjukuu ndo anaifungua simu, spika juu. Kwaiyo usiweke humo siri za mshahara wako wala lawama za mtu.

Kaniomba kwenye grupu la ukoo, wajomba wote wanaona. Nijibu humo humo? (Hakujitaja)

Usijibu humo. Ukikataa grupuni umemvua nguo, ukikubali umefungua foleni. Mpigie pembeni siku hiyo hiyo, usilale nalo, mpe neno lako, na grupuni kaa kimya. Mwingine akikuuliza humo andika "nimeshaongea naye" na uishie hapo.

Shangazi kaniandikia kwa namba mpya anataka elfu themanini haraka, namkataaje? (Msomaji wa Pasiansi)

Hujui kama ni shangazi. Mpigie kwenye ile namba yake ya zamani kwanza, usimkatalie wala usimtumie mtu hujamsikia sauti.

Nimeandika kama ulivyosema. Mjomba kajibu "sawa" tu. Nimwandikie tena nieleze? (Dada wa Nyakato tena)

Usieleze. Hiyo sawa ina uchungu lakini imefika, meseji ya pili yenye maelezo ataisoma kama unayumba na ataanza upya. Mwache siku tatu nne, apate mashine au asipate. Giza likiingia mpigie, muulize dagaa wanatokaje huko, usiguse habari ya hela, na akikaa kimya kidogo kabla ya kujibu, subiri, usiseme chochote mpaka aanze yeye.