Simu Ilipomchekea Mteja Mwenye Hasira

*Shikamoo Shangazi. Nina duka la vitenge Mwanga, hapa Kigoma mjini. Juzi usiku mteja aliniandikia kwa hasira kwamba kitenge alichonunua kwangu mwezi uliopita kimechuja rangi na kuharibu nguo nyingine katika beseni. Nilikuwa nimelala, lakini simu ikamjibu yenyewe kwa vicheko na maua, ikimkaribisha aje kuona mzigo mpya. Ameyapiga picha mazungumzo hayo na kuwaonyesha wenzake. Je, niufute ujumbe ule, nimweleze kwamba si mimi niliyejibu, au ninyamaze hadi hasira zipoe?*
*Mwenye Vitenge, Mwanga*

Marahaba, mwanangu. Usiufute, na usinyamaze hata siku moja zaidi. Hilo la kumweleza kwamba si wewe uliyejibu lina nafasi yake, lakini ni nafasi ndogo kuliko unavyodhani, nami nitakuonyesha kwa kisa cha mama mmoja wa Ujiji aliyeniruhusu nikisimulie bila kumtaja jina.

Mama huyu anauza dagaa wakavu na mawese, na mizigo yake mingi huenda mbali kwa basi. Mwezi wa Machi mwaka mmoja, mvua zikiwa bado zinanyesha, mteja wa Dodoma alimwagiza kilo 4 za dagaa kwa shilingi 120,000, akamweleza kabisa kwamba ni kwa ajili ya arobaini ya mama yake mzazi. Mzigo ulifika salama, ukawekwa stoo ukisubiri siku yenyewe, na kwa muda wa karibu wiki tatu hao wawili hawakuandikiana lolote. Boksi lilipofunguliwa mkesha wa arobaini, mbele ya mashangazi na majirani waliokuja kusaidia kupika, dagaa walikuwa wameota ukungu na kushikamana, na waliolowekwa katika sufuria waliacha mchanga chini. Saa nne usiku yule dada aliandika: "Mzigo wako umetutia aibu mbele za watu. Mama yangu hakustahili hivi."

Jibu lilifika papo hapo: "Karibu sana tena! 😊🎉 Tumefurahi kukuona! Dagaa wetu watamu, ukionja leo kesho utarudi. Tukuhudumie nini?"

Wengi hudhani simu huchagua wakati mbaya kwa bahati mbaya tu. Sivyo. Katika WhatsApp Business, ile salamu inayoitwa `Greeting message` hutumwa kwa mtu anayekuandikia kwa mara ya kwanza, au kwa mtu ambaye hamjaandikiana naye kwa siku 14. Sasa fikiri ni nani hurudi baada ya kimya cha wiki mbili au zaidi. Wapo wanaorudi kununua tena, lakini yupo pia aliyekaa na bidhaa hadi ikamharibikia, kama huyu wa dagaa, na kama wako ambaye kitenge kilimchujia mwezi mmoja baadaye. Salamu hiyo haisomi kilichoandikwa; inahesabu siku tu. Ndiyo maana mteja anayenung'unika mapema, siku ya pili au ya tatu, huweza kukuta ukimya, na yule aliyevumilia muda mrefu akapokelewa kwa shangwe.

Mama wa Ujiji aliamka alfajiri, akaona, akashtuka, na jambo la kwanza alilofanya ni kuifuta ile salamu. Hapo alikosea. Ujumbe ukifutwa kwa pande zote mbili, mahali pake hubaki maandishi yanayosema kwamba ujumbe umefutwa, na yule dada alikuwa amekwisha kuusoma, kuupiga picha na kuupeleka katika kundi la watu wa kwao waishio Dodoma. Kilichoonekana sasa ni mfanyabiashara aliyecheka usiku na kuficha ushahidi asubuhi. Kosa la pili lilifuata dakika chache baadaye, alipoandika: "Samahani dada, si mimi, ni mfumo wa simu." Maneno hayo yalikuwa kweli, lakini hayakusaidia, kwa sababu kila neno la salamu ile aliliandika yeye mwenyewe miezi mingi kabla, tena kwa kujivunia. Yule dada alijibu kwa sentensi moja: "Na dagaa nao walifungwa na mfumo?"

Nilipenda swali hilo, nikiri, maana ndilo lililomrudisha mama yule kwenye jambo lenyewe. Aliacha kuandika. Alikwenda stoo, akafungua mfuko mwingine wa mzigo uleule, akashika konzi ya dagaa na kuwakunja. Dagaa aliyekauka sawasawa huvunjika na utasikia mlio wake. Hawa walipinda kama kamba. Akachukua wachache, akawatia katika bakuli jeupe lenye maji, akakoroga, akasubiri, na mchanga ukatuama. Alielewa kilichotokea: mzigo ule alinunua kwa haraka, dagaa wakiwa wameanikwa mchangani badala ya kwenye chanja, na mvua iliwawahi kabla hawajakauka. Kisha akawafunga katika mfuko wa plastiki na kuubana ndani ya boksi, ambamo unyevu haukuwa na pa kutokea. Angeweza kudai kwamba mteja ndiye aliyekosea kukaa na boksi lililofungwa wiki tatu. Lakini alikumbuka kwamba aliambiwa mapema kuwa mzigo ni wa arobaini, naye hakumwambia mteja aufungue na kuuanika ukifika.

Saa tatu asubuhi alipiga simu. Haikupokelewa. Hakurudia mara kumi, kwa kuwa ilikuwa siku yenyewe ya arobaini na nyumba ilikuwa imejaa watu. Aliandika ujumbe mmoja, ambao ninaunukuu kwa ruhusa yake:

"Dada, pole sana kwa siku ya leo. Salamu uliyoipata jana usiku niliiandika mimi na kuiacha simu iitume, nimekwisha kuizima. Nimekagua dagaa wa mzigo wako: hawakuwa wamekauka na wana mchanga. Kosa ni langu. Narudisha pesa yako yote leo. Nitakupigia kesho jioni, na usipopenda kupokea sitakusumbua."

Tazama jinsi ile salamu ilivyopewa sentensi moja tu, bila kujitetea, na maneno mengine yote yakawa ya msiba na ya dagaa. Tena alikiri baada ya kukagua, hivyo akaweza kusema kosa ni lipi. Anayesema "samahani kwa usumbufu" kabla ya kujua usumbufu ni upi huongeza petroli kwenye moto.

Kisha alituma pesa mara mbili, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Mara ya kwanza alituma shilingi 120,000, nauli ya mzigo, pamoja na ya kutolea, ili anayerudishiwa asikatwe hata senti. Saa moja baadaye alituma shilingi 20,000 peke yake, akaandika: "Hii ni rambirambi, haihusiani na dagaa." Angezichanganya, yule dada angeona msiba wake umefanywa sehemu ya hesabu za duka. Hakumpelekea mzigo mwingine wa bure, na nadhani alifanya vyema, kwani hakuna anayetamani boksi la pili kutoka mkono uleule wakati la kwanza lingali linanuka stoo.

Kesho yake jioni simu ilipokelewa. Yule dada alizungumza kwa dakika nyingi, mama yule akasikiliza, na alipoulizwa kama anataka ile picha iondolewe katika kundi, mama alijibu kwamba hilo ni hiari ya dada mwenyewe, yeye hana la kuomba. Picha haikuondolewa. Siku mbili baadaye yule dada mwenyewe aliandika chini yake kwamba amerudishiwa pesa yote. Hata hivyo wateja watatu wa Dodoma hawakuagiza tena mpaka leo, na mama yule hakuwatafuta. Mwenye arobaini alirudi baada ya miezi miwili, akaagiza kilo 1 tu, akataka apigiwe picha ya dagaa wakivunjwa kabla ya kufungwa. Sasa kila mzigo huondoka na picha hiyo.

Kwako wewe, mwanangu, beseni ndilo dagaa wako. Kabla ya kumwandikia mteja, kata kipande cha kitenge cha jora lilelile, kiloweke katika maji ya sabuni pamoja na kitambaa cheupe kwa muda wa kufua, uone. Kitambaa kikishika rangi, mwambie hivyo waziwazi, mrudishie bei ya kitenge, kisha muulize ni nguo zipi zilizoharibika na mzungumze juu yake kwa sauti, si kwa maandishi. Kisiposhika rangi, usimwambie kwamba ameongopa. Muombe akionyeshe kitenge chenyewe, kwa kuwa majora mawili yenye maua yanayofanana yanaweza kuwa na rangi tofauti kabisa kwa ubora.

Kuhusu simu, ingia sehemu ya zana za biashara, ufungue `Greeting message`, na pia `Away message` kama uliiwasha, maana hiyo nayo hujibu ukiwa umelala. Huna haja ya kuzizima milele. Katika orodha ya wanaotumiwa, chagua `Everyone not in address book`, kisha ujizoeze kuhifadhi namba ya kila aliyenunua siku hiyohiyo. Hapo salamu itawaendea wageni tu, na aliyekwisha kununua atajibiwa na wewe. Mgeni asiyehifadhiwa naye anaweza kuwa na lawama, akiandika kwa simu ya mumewe kwa mfano, kwa hiyo maneno yenyewe pia yabadilishwe. Ya mama wa Ujiji sasa ni haya: "Hili ni jibu la otomatiki, ujumbe wako bado haujasomwa. Tunasoma kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kama kuna hitilafu katika mzigo, tafadhali tuma picha na tarehe uliyonunua." Hakuna ua, hakuna kicheko, wala tangazo la mzigo mpya.

Ukimaliza kuandika ya kwako, azima simu ya mtu ambaye hajawahi kukuandikia na ambaye hukumhifadhi. Jitumie maneno yaleyale ya mteja wako, neno kwa neno, kisha ukae kitako usome kitakachorudi.